Uzoefu wangu: miaka miwili na mlezi wa watoto baada ya shule

Nina watoto wawili, binti wa miaka 7 na kaka yake wa miaka 10. Shule inawatoa saa 9 alasiri, mimi natoka kazini saa 11 na nusu, na baba yao hutoka baadaye zaidi. Kwa miaka miwili sasa muda huo wa katikati wamekuwa wakikaa kwa mama mmoja anayelea watoto nyumbani kwake, siku tano kwa wiki, hadi saa 12 jioni. Naandika kwa ajili ya mzazi anayetafuta mlezi wa namna hii na hajui aulize nini, kwa sababu mara ya kwanza nami sikujua.

Mlezi wetu wa mwanzo nilimchagua kwa bei. Alikuwa akitoza nusu ya anachotoza huyu wa sasa. Siku moja niliruhusiwa kazini mapema, nikafika kwake saa 10 bila taarifa. Nilihesabu watoto 12 na mtu mzima mmoja, naye alikuwa jikoni. Binti yangu, wakati ule na miaka 5, alikuwa peke yake uani, ameinamia pipa la maji lisilo na kifuniko, anachezea kikombe. Hakuna aliyejua yuko wapi. Nilimchukua siku hiyo hiyo, na hatukurudi.

Mlezi wa sasa aliponitajia bei yake nilishtuka, nikamwambia waziwazi kwamba ni kubwa mno. Hakukasirika. Alichukua daftari akanionyesha anavyoipata, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifumbua macho. Anaanza kazi saa 8 na nusu, kuandaa chakula na kwenda kutupokelea watoto shuleni, na anamaliza saa 12 na nusu baada ya kusafisha na kuandika kumbukumbu za siku. Hizo ni saa 4 kwa siku, yaani saa 20 kwa wiki. Vitu vinavyotumika, kama vitafunio, sabuni, maji, karatasi na rangi, vinakula fedha sawa na ujira wa saa 5 nyingine. Jumla anahitaji ujira wa saa 25 kila wiki. Anapokea watoto 6 tu, lakini anagawanya kwa 5, kwa kuwa mara nyingi nafasi moja huwa wazi, au yeye mwenyewe anaugua siku mbili tatu na siku hizo hatutozi. Kwa hiyo kila mtoto analipiwa ujira wa saa 5 za mtu mzima, na kwa fedha hiyo analelewa saa 15.

Sasa mrudie yule wa nusu bei. Kila mtoto alikuwa akimlipa ujira wa saa 2 na nusu. Ukizidisha kwa watoto 12 unapata 30. Huyu wa sasa, nyumba ikijaa watoto 6 wanaolipa 5 kila mmoja, anapata 30 vilevile. Kipato ni kimoja. Kilichopungua kwenye ile bei rahisi ni macho ya kumwangalia mwanangu. Tangu siku hiyo nikitajiwa bei ya malezi, swali langu la kwanza ni watoto wako wangapi kwa mtu mzima mmoja, tena pamoja na wa kwake mwenyewe, maana nao wanaangaliwa na macho yaleyale.

Nilimwomba anipunguzie kwa kuwa naleta wawili. Nilitarajia wa pili alipe nusu. Alinipunguzia sehemu moja ya kumi tu kwa huyo wa pili, akaeleza kwamba mtoto wa pili anaokoa muda kidogo mlangoni lakini anachukua nafasi nzima kati ya zile 6. Nilipokaa nikafikiri niliona ana haki.

Usalama wake ndio hasa unaonifanya nimsifu, na siku niliyouelewa ni siku niliyokosea mimi. Ilikuwa Jumanne. Shule ilinipigia simu saa 5 asubuhi kwamba binti yangu ana homa. Nilikwenda kumchukua, nikampeleka kwa daktari, nikazima mlio wa simu, na katika hangaiko lile sikukumbuka kabisa kumwambia mlezi. Saa 9 yeye alisimama langoni mwa shule na karatasi yake ya majina 6, akapokea watoto 5.

Hakuondoka. Jioni nilipompigia kuomba radhi, hakunilaumu kwa maneno. Alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake, na nimeihifadhi hadi leo. Ilisomeka hivi: «9:00 hayupo langoni. 9:04 mwalimu wa zamu hana habari. 9:10 mama hapokei, mara 2. 9:13 baba amepokea, yuko na mama, mgonjwa. 9:15 tumeondoka.» Kwa robo saa watoto wengine 5 walisimama wameshikana mikono kando ya ukuta, kwa sababu hawezi kuwatanguliza nyumbani peke yao na hawezi kumwacha mmoja nyuma. Baba yao asingepokea, namba ya tatu kwenye fomu yetu ilikuwa ya shangazi yao, baada yake mwalimu mkuu, na ikifika nusu saa bila mtoto kupatikana anaripoti polisi. Mpangilio huo umeandikwa kwenye mkataba na nilikuwa nimeutia sahihi bila kuusoma vizuri.

Hapa ndipo penye hatari ambayo wazazi wengi hatuifikirii. Shule inaamini mtoto yuko kwa mlezi, mlezi anaamini yuko shuleni au kwa mzazi, na mzazi kazini anaamini wote wawili. Mtoto anaweza kupotea saa 3 nzima bila mtu yeyote kumtafuta. Kwa hiyo baada ya siku ile aliongeza sharti moja kwetu sote: mtoto asiyekuja, mzazi atume ujumbe kabla ya saa 8 mchana, na ujumbe hauhesabiki mpaka yeye ajibu «nimepokea». Mwanzoni nilidhani sehemu ya pili ni usumbufu. Siku moja mtandao ulisumbua, sikuona jibu lake, nikapiga simu, na kweli ujumbe wangu ulikuwa haujamfikia.

Mlangoni kwake kuna utaratibu mwingine. Kila mzazi ameandika majina ya watu wasiozidi 4 wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na neno la siri ambalo anayekuja badala yao lazima alitaje. Kaka yangu alipita siku moja kuwachukua watoto bila mimi kumweleza neno hilo. Watoto walimkimbilia wakimwita mjomba, na bado mlezi alimwambia, «Karibu uketi kaka, lakini siwezi kukupa watoto mpaka nizungumze na mama yao.» Kaka alikasirika sana, na kwa dakika chache nami nilikasirika kwa niaba yake. Lakini mtoto hufurahia ndugu hata yule ambaye mahakama imemzuia, na mlezi hana njia ya kuijua familia yangu kwa kuitazama furaha ya watoto.

Kabla ya kumchagua nilimwuliza pia ni nani wengine wanaokaa au kupita nyumbani kwake. Hilo lilinipa shida kulitamka, naona ni swali gumu kwa mzazi yeyote, na naomba ulitamke hivyohivyo. Yeye alijibu bila kusita. Mtoto habaki peke yake na mgeni wala na ndugu wa mlezi aliye mtu mzima, mlango wa chumba cha michezo haufungwi, na mtoto akihitaji kubadilishwa nguo mimi naambiwa jioni ileile. Picha za watoto haziwekwi mtandaoni. Mlezi anayechukizwa na swali hili, mimi ningemshukuru na kuondoka.

Mwanangu wa kiume ana pumu. Dawa yake ya kuvuta iko kwenye mfuko mdogo mwekundu wenye jina lake, umetundikwa juu kwenye msumari kando ya mlango. Wakitoka kucheza uani, mfuko unatoka nao na kuning'inia kwenye mti. Nilipouona siku ya kwanza kwenye ule mti nilijua huyu anaelewa kwamba pumu haimsubiri mtu akafungue kabati. Dawa nyingine zote anazikubali zikiwa kwenye kifungashio chake cha asili tu, pamoja na karatasi ya mzazi inayoeleza kiasi, saa ya kumpa, na saa aliyopewa mara ya mwisho. Hiyo saa ya mwisho ndiyo wengi tunaisahau, na bila yake mtoto anaweza kupewa dozi mbili karibu karibu na watu wawili wenye nia njema.

Kuhusu kazi za shule, usitarajie mwalimu wa ziada. Anawakalisha dakika 40, anahakikisha wamefungua daftari, basi. Binti yangu mara nyingi anarudi na hesabu ambazo hazijakamilika. Kwangu si tatizo, ila mzazi anayetaka mafunzo alipie mafunzo mahali pengine.

Jambo moja bado hatujakubaliana. Ukichelewa kumchukua mtoto, unasamehewa dakika 10, kisha kila nusu saa inayoanza unalipa nusu ya ujira wa saa moja ya mtu mzima. Hiyo ni mara tatu ya kiwango cha kawaida kwa mtoto mmoja, na sababu yake naikubali: kama amebaki na mtoto wangu tu, hakuna mwingine wa kugawana naye gharama. Tena hatozi mara mbili kwa kuwa nina wawili, anatoza familia. Lakini jioni mvua kubwa ilipofunga barabara tulichelewa familia tatu, na kila moja ililipa kamili. Kwa hesabu yake mwenyewe, tulipaswa kugawana. Nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba akianza kugawanya, kila mzazi atatumaini mwenzake naye atachelewa. Sijaridhika na jibu hilo, na nimemwomba tulizungumze tena wakati wa kusaini mkataba mpya mwezi ujao, ambao nitausaini kwa vyovyote, na safari hii nitausoma wote.