Majibu ya damu kwa WhatsApp: uzoefu wangu na picha yenye herufi H na L

Maabara ninayoitumia hapa Dar es Salaam, ya binafsi, hutuma majibu kwa WhatsApp siku hiyohiyo. Nilipima picha kamili ya damu kwa sababu ya uchovu usioisha, na kabla ya jioni picha ya skrini ya kompyuta yao ilikuwa kwenye simu yangu. Kwa uharaka nawapongeza. Tatizo ni picha yenyewe: upande wa kulia ulikatwa, kwa hiyo vipimo vilionekana lakini vizio na viwango vya kawaida havikuonekana vizuri. Nikamwandikia dada wa mapokezi, "Samahani dada, naomba ile karatasi yenyewe, yenye safu zote." Akanitumia PDF bila usumbufu. Na wewe iombe. Namba isiyo na kizio wala kiwango chake huwezi kuilinganisha na chochote.

Kilichoshtua kwanza ni herufi. LYM%, yaani asilimia ya limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, ilikuwa 49, na pembeni H nyekundu ya kuonyesha iko juu, maana kiwango chao ni 20 hadi 40. NEU%, ya neutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, ilikuwa 41, ikawekewa L ya kuonyesha iko chini. Ukiishia hapo utadhani chembe nyeupe zimevurugika. Lakini asilimia ni mgawanyo tu: aina moja ikipungua, nyingine lazima ionekane imepanda. Idadi halisi iko kwenye mistari yenye alama ya #. Chembe nyeupe zangu zote zilikuwa 3.8, na 49% ya hizo ni 1.86. Kiwango cha LYM# ni 0.8 hadi 4.0, kwa hiyo limfosaiti zangu hazijazidi hata kidogo.

NEU# kweli ilikuwa chini, 1.56 dhidi ya 2.0. Hapo kuna jambo ambalo kila Mwafrika anayesoma majibu yake anastahili kulijua. Viwango vingi vilivyowekwa kwenye mashine havikutokana na damu za watu wa kwetu. Wengi wetu tuna neutrofili chache kwa kuzaliwa bila kuugua, na hali hiyo inahusiana na jeni ya Duffy, ileile inayowakinga wengi wetu dhidi ya malaria ya vivax. Hilo halikunipa ruhusa ya kuupuuza mstari huo. Nilitafuta majibu yangu ya zamani, nikakuta NEU# ilikuwa 1.6, nikayaweka kwenye simu ili daktari aone kama hiyo ndiyo hali yangu ya siku zote.

Mstari ulionipa wasiwasi zaidi haukuwa na herufi yoyote. HGB, yaani wingi wa damu, ilikuwa 11.3 g/dL, na kiwango kilichochapishwa ni 11.0 hadi 16.0. Kiwango hicho hakitofautishi mwanamke na mwanaume. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kwa mwanamke mzima asiye mjamzito kuanzia chini ya 12.0, na kwa wanaoishi nyanda za juu, kama Mbeya, kikomo kinapanda zaidi. Ukisoma mistari ya jirani picha inazidi kueleweka: MCV 74, ilhali inatakiwa 80 hadi 100, maana yake chembe nyekundu ni ndogo; MCH 24, chini ya 27, zina rangi hafifu; RDW 17.2, juu ya 16, hazilingani ukubwa. Mistari hiyo minne inasimulia jambo moja, na mara nyingi jambo hilo ni upungufu wa madini chuma, ingawa kurithi talasemia nako huleta chembe ndogo.

Kwa hiyo niliyoandika kwa ajili ya daktari yalikuwa machache. La kwanza, HGB 11.3 pamoja na MCV ndogo: je, tupime feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini? La pili, hedhi yangu ni nzito na huwa nameza diklofenaki kwa maumivu, je, damu inapotea huko au tumboni, na nipime choo kuangalia safura? La mwisho, NEU# ya sasa na ya zamani. Limfosaiti sikuziandika.

Daktari aliisoma karatasi, akaanza na hedhi, akaagiza feritini na kipimo cha choo. Choo kilikuwa safi. Feritini ilirudi 9, na kwa mtu mzima chini ya 15 ni dalili kwamba akiba ya chuma imekwisha. Nikaanzishiwa vidonge vya chuma, nikaandikiwa na utrasaundi ya kizazi. Kuhusu neutrofili alisema turudie baadaye, ila nikipata homa nisikae nyumbani.

Maabara hii nitairudia, maana wako haraka na wanajibu ujumbe. Ila watume PDF moja kwa moja badala ya picha ya skrini, na waweke kiwango cha HGB cha wanawake peke yake. Nimewaandikia hivyo, nasubiri wajibu.