Fomu ya ithibati ya waandishi kwenye mashindano ya kanda: kisanduku kimoja kilichoniacha na kamera begini

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea hapa Tanga. Naandikia tovuti moja ya michezo, na siku za mechi kubwa naripotia redio ya mtaani kwetu. Mwaka jana niliomba ithibati ya kuripoti mashindano ya soka ya kanda yaliyochezwa Dar es Salaam. Jina la mashindano naliweka kando kwa sababu nina malalamiko kidogo, na mengi zaidi ni makosa yangu mwenyewe. Nikitoa alama, mfumo wenyewe naupa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mimi najipa mbili.

Kwanza niseme kitu ambacho wageni wa kazi hii hukichanganya. Kadi ya uandishi ya Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, JAB, inasema tu kwamba wewe ni mwandishi unayetambulika nchini. Haikuingizi kwenye mashindano. Ithibati ya mashindano hutolewa na waandaaji, kwa mashindano hayo tu, na mara nyingi watakudai kadi ya nchi yako kama kiambatisho. Wenzetu wa Kenya huambatisha ile ya Baraza la Vyombo vya Habari. Jamaa mmoja tuliyesafiri naye basi moja alidhani kadi ya JAB inatosha, akaishia kutazama mechi ya kwanza kwenye kibanda nje ya geti.

Fomu hujazwa mtandaoni. Unafungua akaunti, unaandika jina, namba ya pasipoti au kitambulisho, chombo unachokiwakilisha, kisha unapakia picha na barua ya mhariri. Barua ndiyo iliyonichukua muda. Wanataka iwe kwenye karatasi yenye nembo ya chombo, ina tarehe, sahihi na muhuri, inakutaja kwa jina na inasema umetumwa kufanya nini hasa: kuandika, kupiga picha au kutangaza. Sisi wa kujitegemea hatuwezi kujiandikia. Lazima chombo kikubali kukubeba, na kila chombo kina idadi yake ya nafasi. Tovuti yetu ilipewa mbili, na moja tayari ilikuwa ya mhariri.

Picha ilirudishwa. Studio ya jirani hapa Ngamiani, ukisema picha ya pasipoti, wanakutandikia pazia la bluu bila kuuliza. Fomu ilitaka mandhari nyeupe. Nilipata ujumbe mfupi tu kwamba picha haikidhi, bila kuniambia kwa nini, nikapoteza siku mbili nikipunguza ukubwa wa faili nikidhani tatizo ni uzito. Hapo nawanyima nyota nusu. Neno moja, "mandhari", lingetosha.

Jina nalo liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho, si kama unavyosaini habari zako. Mimi kwenye habari natumia majina mawili, kwenye pasipoti yapo matatu. Niliandika matatu kwa bahati tu, na kule kwenye dirisha la kuchukulia kadi nikamwona mwenzangu akirudishwa kwa sababu jina la utani alilozoeleka nalo redioni ndilo alilolijaza.

Sasa kile kisanduku. Ukurasa wa tatu wa fomu una mstari ulioandikwa `Media category`, na chini yake chaguo kadhaa: `Written press`, `Photographer`, `Radio`, `TV non-rights holder` na mengineyo. Unachagua moja. Nilichagua `Written press` bila kufikiri, maana mimi ni mwandishi, au sivyo? Nilikuwa sijafungua waraka wa kanuni uliokuwa umeambatishwa juu kabisa ya ukurasa. Nadhani wengi wetu tunautiki ule mstari wa "nimesoma na kukubali" kama tunavyotiki masharti ya simu mpya.

Siku ya mechi ya kwanza nilifika getini na kadi yangu shingoni, begini nina kamera na lenzi ndefu ya 70-200. Kijana wa usalama akaifungua, akatazama kadi, akatazama kamera. "Kaka, wewe ni wa kalamu. Hii hairuhusiwi huku." Nikambishia. Akamwita dada wa kitengo cha habari, naye akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nacho kifuani muda wote bila kukisoma: namba za maeneo. Kadi yangu ilikuwa na namba ya jukwaa la waandishi, ya kituo cha kazi, ya chumba cha mikutano, na ya ule ushoroba wanaopita wachezaji wakitoka kuvaa, ambao tunauita eneo mseto. Namba ya pembeni mwa uwanja haikuwapo. Ile hupewa wapiga picha peke yao, na hata wao kadi haitoshi. Kila mechi wanachukua kizibao chenye namba, wanaacha kitambulisho kama amana, wanakaa nyuma ya mabango ya matangazo upande waliopangiwa. Wakitaka kuhamia goli la pili wanasubiri mapumziko.

"Simu je?" nikauliza. Simu ruksa, akasema, kwa kuandika na kupiga mtu wako. Kurekodi mchezo, hapana.

Hili la kurekodi ndilo linalowaponza wengi, kwa hiyo nalieleza taratibu. Haki za picha za video za mechi zimeuzwa kwa kituo kilichozilipia. Chombo kisicho na haki, hata kikiwa na ithibati halali, hakirekodi mpira ukichezwa, iwe kwa kamera kubwa au kwa simu, iwe sekunde tano. Kwa mashindano yale marufuku ilianzia tangu timu zikipasha misuli hadi wachezaji wanapotoka uwanjani. Kinachoruhusiwa kwa asiye na haki ni mkutano na waandishi wa siku moja kabla ya mechi, dakika 15 za kwanza za mazoezi siku hiyo hiyo, na mahojiano ya eneo mseto, tena kwa sauti tu kama kadi yako ni ya kalamu. Kijana mmoja wa tovuti alirekodi penalti kutoka jukwaani, akaitupia kwenye ukurasa wao kabla ya filimbi ya mwisho. Dakika ya 90 haijafika, alikuwa ameshafuatwa kwenye kiti. Kadi ilichukuliwa na hakuirudia, na chombo chake kilipoteza nafasi ya pili pia.

Upande wa redio ndiko nilikoumia zaidi, maana kule kulikuwa na ahadi. Meneja wa kituo chetu alikuwa ameshatangaza kwamba wasikilizaji watapata mechi moja kwa moja kutoka uwanjani, kupitia simu yangu. Nilipomwambia haiwezekani alinijibu, "Bwana we, si una kadi?" Ilibidi nikae kituo cha kazi nimsomee kanuni kwa simu neno kwa neno. Kutangaza mfululizo kutoka uwanjani ni haki inayonunuliwa, sawa na televisheni. Hata kukaa studio Tanga ukitangaza huku unatazama runinga kulikatazwa bila haki. Kilichobaki wazi kwetu ni taarifa fupi: moja kabla ya mechi, moja mapumziko, moja baada ya filimbi, nikieleza kilichotokea na si kinachotokea.

Basi tukafanya hivyo. Kipindi kilikuwa cha mziki, na mimi naingia mara tatu, kila mara dakika mbili hivi. Mapumziko ya mechi ya pili nilimweleza msikilizaji jinsi beki wa kushoto alivyokuwa akipanda mno na kuacha uwazi, na jinsi kocha mgeni alivyombadilisha winga upande ili autumie. Wakati watangazaji wa moja kwa moja wanahema kufuata mpira, mimi nilikuwa na dakika 45 za kutazama. Meneja alinuna, lakini wiki ya pili aliacha kulalamika.

Kuna jambo lingine ambalo fomu haikulisema waziwazi na waraka ulilisema ukurasa wa mwisho. Kadi ya ithibati si kiti. Mechi za makundi unaingia na kukaa popote jukwaa la waandishi. Ufunguzi na fainali unatakiwa kuomba tena, kwenye akaunti ile ile, saa 48 kabla, na ukikubaliwa unapewa tiketi ya ziada ya kuambatana na kadi. Fainali nilisahau kuiombea kwa sababu siku ya kuomba nilikuwa Zanzibar kumsalimia shangazi. Nikakuta hali yangu imeandikwa `WAITLIST`. Nilifika mapema, nikajiandikisha dirishani, nikakaa kwenye sakafu na wenzangu kama kumi hivi. Saa moja kabla ya mechi viti ambavyo wenyewe hawakuvichukua viligawiwa. Nilipata cha pembeni kabisa, nyuma ya nguzo, meza haina umeme. Betri ya kompyuta ilikufa dakika ya 70, nikamalizia habari kwenye simu.

Jambo dogo, lakini nimeliona likitokea: usipige picha ya kadi yako ukaitupa mtandaoni. Ile mistari ya msimbo iliyo chini ndiyo inayosomwa na mashine getini. Dada mmoja aliweka picha yake akitabasamu na kadi, na kesho yake mashine ikamwambia ameshaingia. Alisimama pale robo saa nzima mpaka wakamlinganisha na picha kwenye mfumo. Tangu fujo za mageti zilizoonekana wakati wa CHAN ya Agosti 2025 walinzi hawana tena utani na kadi isiyosoma, na siwalaumu.

Nyota nyingine moja nimewanyima kwa lugha. Waraka wa kanuni ulikuwa wa Kiingereza na Kifaransa, kurasa 14, kwenye mashindano ambayo kuanzia mlinzi wa geti hadi dada wa dirishani wote waliongea nami Kiswahili. Dada yule alinieleza yote kwa dakika nne, vizuri kuliko kurasa zote zile. Nilimwomba ruhusa nikayaandika kwenye daftari, na ndiyo niliyoyatumia humu.

Kamera? Niliomba kubadilishiwa kundi. Wakasema baada ya kadi kuchapwa haibadiliki. Ilikaa kwenye begi, chini ya kitanda cha gesti, wiki mbili.