Kikapu cha kilo 2, bili ya kilo 24

Ningewapa sifuri kama ingekubalika. Kwa kuwa nyota moja ni lazima, basi hiyo moja aichukue kijana aliyenifungia boksi kule nyuma, maana kazi yake sina neno nayo. Waliobaki, kuanzia karani wa kaunta hadi yule aliyenipigia simu kunidai pesa mzigo ulipofika, wagawane sifuri. Jina la kampuni nalihifadhi. Ni moja ya hizi za kusafirisha vifurushi kwa ndege hadi mlangoni, na nimegundua baadaye kwamba kwa hili la hesabu zote ni ndugu.

Safarini nilinunua vitu vitatu vya maana: kikapu kikubwa cha kufumwa, bakuli la udongo, na vitambaa. Bajeti ya zawadi niliitenga kabla sijatoka nyumbani na dukani sikuivuka. Nikasema sitaki kuhangaika na mizigo uwanja wa ndege, nitatuma.

Mizani ilisoma kilo 8, vitu vyote vikiwa ndani ya boksi pamoja na makaratasi ya kuzuia visigongane. Nikafungua pochi nikijua nalipia kilo 8. Karani akachukua tepu, akapima urefu, upana na kimo, akabonyeza kikokotoo, kisha akanigeuzia kioo chake bila neno: 24.

Nikamwambia, "Kaka, mizani si hiyo hapo inasema 8?"

Hata uso hakuinua. "Mama, hapa hatuuzi uzito, tunauza nafasi. Kama hutaki, kuna watu nyuma yako."

Ningemsamehe kama angenieleza. Kuelezea ni dakika moja tu, ngoja niifanye mimi kazi yake. Ndege hujaa kabla haijalemewa: ukiijaza vikapu vitupu, nafasi inaisha ilhali uzito bado. Kwa hiyo kampuni hupima mara mbili. Kwanza uzito wa kwenye mizani, halafu uzito wa ujazo, yaani urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha unagawanya kwa 5000. Uzito ulio mkubwa kati ya hizo mbili ndio unaolipia. Boksi langu lilikuwa 60 kwa 50 kwa 40. Zidisha upate 120,000, gawanya, ndiyo 24. Yaani nililipia kilo 8 za vitu na kilo 16 za hewa iliyokaa ndani ya kikapu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kikapu ndicho kilichobeba karibu hesabu yote. Bakuli peke yake, hata likifungwa vizuri, lingeingia kwenye boksi la 35 kwa 35 kwa 25. Hiyo ni kilo 6 na kidogo, ambayo wao huipandisha hadi 6.5, na mizani ingesoma kama 5. Pengo dogo, mtu unalimeza. Vitambaa havina shida popote. Nilimwomba karani tukate pembe za boksi tulishushe kimo, jambo linalofanyika kwa kisu na gundi ya karatasi, akasema, "Saizi ni hizo zilizopo." Saizi ni hizo zilizopo! Boksi la karatasi limekuwa mlima.

(Na kama unafunga nyumbani, angalia pia boksi lisivimbe. Hupimwa mahali palipotokeza zaidi, na ghala lao hupima upya. Likizidi ulichoandika, tofauti unaletewa baadaye.)

Sasa sikiliza sehemu iliyoninyima usingizi ndani ya ndege. Mashirika mengi yanayohesabu mizigo kwa vipande hukubali begi la kukabidhi la hadi kilo 23, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Jumlisha zangu: 60, 50 na 40, unapata 150. Boksi lile lile, lisilopunguzwa hata sentimita moja, lingepanda ndege yangu mwenyewe kama kipande cha pili cha mzigo, na pale lingehesabiwa kilo 8 kwa sababu ni kilo 8. Ningebakiwa na kilo 15 za kujazia. Ningetia vitambaa ndani ya kikapu, na viatu, na koti. Kipande cha ziada kina ada yake, ndiyo, na ukisubiri kuilipia kaunta ya uwanja wa ndege kwa kawaida ni ghali kuliko kuilipia mapema mtandaoni. Lakini ada hiyo niliilinganisha na bili ya karani nikiwa nimekaa kitini, na nikaomba maji.

Kwa hiyo, kitu kikubwa chepesi usikitume, kibebe. Ukubwa ndio adui kwenye kampuni ya vifurushi, na uzito ndio adui uwanja wa ndege. Kabla ya safari kila mtu alinihimiza kinyume chake, eti kikubwa ndicho cha kutuma. Na mashirika yanayohesabu jumla ya kilo badala ya vipande yana masharti yake, kwa hiyo soma tiketi yako, usisome yangu.

Ningeishia hapo kama mzigo ungefika na mambo yakaisha. Siku ilipofika simu ililia. Mama mmoja, sauti ya mtu aliyechoka kabla ya saa tatu asubuhi: mzigo upo, kuna ushuru na kodi, na kuna ada ya kampuni kwa sababu imenilipia forodha kwa niaba yangu. Nikauliza, mbona nilishalipa? "Ulilipa usafiri." Nikauliza, vitu si vyangu, nimevinunua mwenyewe safarini? "Ungekuja navyo mkononi ingekuwa mengine."

Hapo, kwa uchungu, alikuwa sahihi. Nchi nyingi humpa msafiri kiwango cha thamani anachoweza kuingia nacho bila kulipa, lakini kiwango hicho kinahusu vitu alivyofuatana navyo. Ukivituma kwa kifurushi, kwa kawaida vinahesabiwa kuwa bidhaa zinazoingizwa nchini, hata kama mtumaji na mpokeaji ni mtu mmoja. Na usidhani kuandika neno zawadi kwenye tamko la forodha kunasaidia; kujitumia mwenyewe si zawadi. Muuzaji wa bakuli alinishauri pia niandike bei ya chini. Nilikataa, na nashukuru, kwa sababu kitu kikivunjika fidia hufuata thamani uliyoitangaza.

Lakini hebu tazama walivyoikokotoa. Nchi nyingi hazitozi bei ya kitu peke yake. Hujumlisha bei, nauli ya kukileta na bima. Tuseme, kwa sarafu yoyote, vitu viligharimu 100, usafiri 90, bima 4. Msingi wa kodi unakuwa 194. Kiwango kikiwa asilimia 20, unalipa karibu 39, wakati kwa bei ya dukani ungelipa 20. Umeiona? Ile hewa ya kilo 16 nimeilipia mara mbili: kwanza kwa karani, kisha kwa forodha, kwa sababu nauli iliyovimba ilivimbisha na kodi. Ongeza ada yao ya kulipia forodha, tuseme 15, na zawadi za 100 zimesimama kwa 248. Bajeti yangu ilikuwa ya 100.

Kwa hiyo kama unapanga pesa za zawadi, usipange kwa bei ya dukani. Kwa kitu unachotaka kutuma, uliza nauli ukiwa bado hujakinunua, na mpe karani vipimo vya boksi, usimpe uzito. Jumlisha kodi juu ya bei na nauli kwa pamoja, weka ada ya kampuni, halafu ndipo uamue kama kikapu kile bado kizuri. Mara nyingi uzuri wake unakuwa umepungua kuliko ulivyokuwa dukani. Muuzaji akikwambia bei ni pamoja na kutuma, muulize kodi ya kule kinakokwenda nani anailipa. Ukimya wake utakuwa jibu.

Basi, nyota moja, na sikubaliani na mtu.

Ila kuna hili bakuli.

Nilifungua boksi nikiwa tayari kwa vigae, nikiwa na simu mkononi kupiga picha za madai. Lilikuwa zima. Yule kijana alikuwa ameliweka kwenye boksi dogo, boksi dogo ndani ya kubwa, na kati yake makaratasi ya kukunja yenye unene wa vidole vitatu kila upande, chini na juu pia. Ndani ya bakuli lenyewe alikuwa amejaza karatasi, ili lisiwe na uwazi wa kubonyea. Nilitikisa kabla ya kufungua, sikusikia kitu. Hicho ndicho kipimo: kikisogea ndani, hakijafungwa.

Sasa linganisha na kikombe kidogo cha udongo huo huo nilichokifunga kwa sweta katikati ya nguo kwenye begi langu la kukabidhi. Kilifika vipande vinne. Sweta hukinga na mkwaruzo. Begi likidondoshwa na jingine likalala juu yake, ubavu wake hubonyea na sweta haina nguvu za kuuzuia. Nikaenda kulalamika kwa shirika la ndege, nikaulizwa kama nilikitangaza kuwa ni kitu cha kuvunjika. Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tangu upokee mzigo kulalamika kwa maandishi kuhusu uharibifu, lakini shirika linaweza kujitetea kwamba kasoro iko kwenye kitu chenyewe. Udongo ni udongo, walisema, kwa heshima kubwa, na mimi sikuambulia kitu.

Kwa hiyo ukinibana, kwa bakuli peke yake, boksi dogo, kilo 6.5, ningerudi kwa wale wale. Inanikera kuandika hivi. Labda nyota mbili. Mbili na nusu kwa siku ambayo karani yule yuko likizo.

Halafu nikakumbuka ile ada ya kulipia forodha. Niliwaandikia kuomba mchanganuo wake, wakanijibu kwa kunitumia kanuni ya uzito wa ujazo, niliyokuwa naijua kuliko wao. Nikaandika tena. Wakanitumia ile ile. Irudi moja.