TAHADHARI: Anayewaita Watu Kwenye Usaili Posta, Dar es Salaam, Hana Ofisi

Ndugu zangu, mnajua nilivyokuwa nikiisubiri simu ya usaili tangu mkataba wa Mwanza ulipokwisha, kwa hiyo mtaelewa kwa nini nawaandikia haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja.

Mtu huyu hujitambulisha kuwa afisa rasilimali watu wa kampuni ya kusafirisha mizigo. Barua yake ilikuwa na nembo na muhuri, ikataja ghorofa ya saba ya jengo lililopo Mtaa wa Samora, na nilipomwomba anithibitishie mahali penyewe alinitumia lokesheni kwa WhatsApp, nayo ilitua juu ya jengo hilohilo. Jengo lipo kweli na ni la ofisi. Kwa mgeni wa jiji, barua na ramani vikikubaliana, ni vigumu kushuku.

Nilishuka stendi ya Magufuli alfajiri, nikafika mapokezi mapema na bahasha yangu ya vyeti. Nikiwa nasubiri lifti, alipiga simu akaniambia kwa sauti ya upole kwamba jopo limeshakaa, kwamba mgeni hapandi ghorofa ya saba bila kibali cha shilingi 35,000, na kwamba fedha hiyo ingerudishwa pamoja na nauli baada ya usaili. Kabla sijaweka namba ya siri, simu ilionyesha jina la mwanamke; nilipomuuliza, alijibu bila kusita kuwa huyo ni mhasibu wao. Nikalipa. Nilimwonyesha mlinzi ujumbe wa malipo, naye akanieleza mbele ya foleni nzima kwamba jengo halitozi kibali chochote, kwamba kampuni hiyo haimo kwenye ubao wa wapangaji, na kwamba kuna binti aliyetangulia kuja na barua kama yangu. Nilipompigia tena yule mtu, hakupatikana.

Mtu anayemkamua asiye na kazi nauli yake ya kurudi nyumbani anastahili jela, na huyo mwenye laini iliyopokea fedha akamatwe pamoja naye. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, itumike. Namba zote mbili nimezifikisha polisi na kuziripoti kupitia 15040, na yeyote aliyelizwa naye afanye hivyo, ili wasidhani mlalamikaji ni mmoja.

Kuhusu ile lokesheni: mtumaji anaweza kutafuta jengo lolote na kulituma akiwa popote, hivyo inathibitisha jengo tu, si mpangaji. Ukiitwa, tafuta mwenyewe simu ya mapokezi ya jengo, au mwombe ndugu aliyeko Dar akasome ubao wa wapangaji kabla hujakata tiketi. Nilipomwomba huyu simu ya mezani ya ofisi, alinitumia tena ramani ileile.