Salamu ya Gumzo Kwenye Tovuti: Tumeipima Dukani Kisumu

Karibuni watazamaji. Leo niko Kisumu, na ninachochambua ni ule ujumbe unaochomoza wenyewe kwenye kona ya tovuti kabla hujagusa chochote. Duka hili linauza pampu za maji za sola, na wateja wake wengi ni wakulima wa upande wa Ahero na Siaya. Gumzo lao linatumia tawk.to, ambayo haina malipo kuanza nayo.

Tazameni ilivyokuwa mwanzo. Nafungua ukurasa kwa simu, na hata bei sijaiona, dirisha limeshafunika nusu ya skrini: "Habari! Tukusaidie vipi leo?" Pembeni kuna picha ya dada mwenye vipokea sauti masikioni, ambaye hapa dukani hayuko. Sasa, kwetu ukijuliwa hali unajibu. Naandika, "Njema sana, na nyinyi?" Kinachorudi ni fomu: jina, barua pepe, nambari ya simu. Mimi hapo ningefunga ukurasa. Ujumbe kuandikwa mapema haunisumbui hata kidogo. Kinachoniudhi ni kusalimiwa na mtu ambaye hayupo.

Hii hapa ya pili, tuliyoiandika pamoja na fundi wao: "Habari, ni fundi wa dukani. Maji unayatoa kisimani au mtoni?"

Ni fupi, na inajibika kwa neno moja, tena na mtu aliyesimama shambani na simu mkono mmoja. Lakini uzuri wake hasa ni kwamba swali hili huulizwa na anayezijua pampu. Pampu inayokaa juu ya ardhi huvuta maji kutoka kina cha takriban mita 7 tu. Kisima kikizidi hapo, injini hata iwe na nguvu kiasi gani, maji hayapandi, na utahitaji pampu ya kuzamishwa ndani. Kwa hiyo mteja akijibu "kisimani", fundi anauliza kina. Akijibu "mita 20", pampu za juu zimeshaondoka kwenye mazungumzo, na mteja ameepuka kununua kitu ambacho kingemkalia bure. "Tukusaidie vipi" ingemwachia yeye kazi yote ya kujua aulize nini.

Kuhusu muda: kwenye tawk.to unaingia sehemu inayoitwa `Triggers`, unachagua ukurasa na sekunde za kusubiri. Tumeiweka kwenye ukurasa wa pampu peke yake, baada ya sekunde 30. Hiyo 30 si sheria. Ni muda wa kusoma bei na kuanza kujiuliza kama pampu itatosha. Ukurasa wa mawasiliano hatukuuwekea kitu, kwa sababu anayefika pale ameshaamua kupiga simu.

Kisha kuna saa nne usiku, fundi amelala. Salamu ya "ni fundi wa dukani" saa hiyo ni uongo, basi tumelificha dirisha lote asipokuwepo. Kwenye msimbo wa tawk.to, chini ya mstari unaoanza na `var Tawk_API`, weka hii:

```
Tawk_API.onLoad = function () {
  if (Tawk_API.getStatus() !== 'online') {
    Tawk_API.hideWidget();
  }
};
```

Angalieni kwamba sikuandika `'offline'`. Kuna hali ya tatu, `'away'`, yaani mhudumu ameingia kwenye mfumo ila hayuko karibu na kompyuta. Ukikagua `'offline'` peke yake, mteja atasalimiwa na kiti kitupu. Na hakikisheni nambari ya simu ya duka imeandikwa kwenye ukurasa wenyewe, la sivyo anayekuja usiku hatapata njia yoyote ya kuwafikia. Huu msimbo pia una mpaka: unakagua mara moja tu, ukurasa unapofunguka. Fundi akitoka baadaye, dirisha litabaki pale pale. Kwa hilo tumia `Tawk_API.onStatusChange`.

Mwenye duka alitaka pia "Habari za asubuhi" na "Habari za jioni" zibadilike zenyewe. Nilimwomba aache. Seva nyingi huhesabu saa kwa UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo saa saba mchana hapa Kisumu, seva inaona ni saa nne asubuhi. Ukihesabu kwa saa ya simu ya mteja, kijana aliye Toronto anayemnunulia mamake pampu Siaya atapewa salamu ya asubuhi na fundi ambaye kwake ni jioni. "Habari" peke yake haikosei saa, na nafasi iliyobaki kwenye ule mstari ni ya swali la maji.