Nimelipia aplikesheni ya mazoezi ya Kiingereza, mwanangu akakoseshwa jibu sahihi

Juzi kati nimemlipia binti yangu wa kidato cha pili aplikesheni moja ya mazoezi ya mtihani wa Kiingereza, na leo nina hasira hata chai haishuki. Swali nalinakili kama lilivyo kwenye simu: "Neema and Rehema live far apart but they write to ____ every week." Majibu ya kuchagua ni "themselves", "each other" na "theirselves". Mtoto kachagua "each other", ikawaka nyekundu, wakaandika jibu ni "themselves" kwa sababu watu ni wengi. Wengi! Hiyo ndo sababu?

Hebu iweke kwa Kiswahili. Ukisema "wanajiandikia", basi Neema anajitumia barua zake na Rehema anajitumia zake. Ukisema "wanaandikiana", huyu anamwandikia yule na yule anamjibu, na si wanaishi mbalimbali, swali lenyewe limeshakwambia! Penye -ji- ni "themselves", penye -ana ni "each other". Hiyo "theirselves" ndo usiiguse kabisa, mtihani hauitambui.

Nikapiga simu huduma kwa wateja, kijana ananiambia, "Mama, majibu yamepitiwa na walimu, mwambie mtoto asome." Nikamuuliza, baba, "They blamed themselves" na "They blamed each other", walijilaumu na walilaumiana, ni kitu kimoja? Akanikatia simu. Mtu nimelipa hela yangu, ananikatia simu!

Nilitaka niwape nyota moja niondoke. Ila haki isemwe, sehemu ya neno la kukazia wameifundisha vizuri sana, wanamwambia mtoto alifute hilo neno aone kinachobaki. "The headmaster himself opened the gate", toa "himself", sentensi bado imesimama, kwa hiyo hapo ni mkazo tu, mkuu mwenyewe ndo alifungua geti. "She cut herself", toa "herself", inabaki inaning'inia, amekata nini sasa? Hapo ni kujikata. Na binti yangu alikuwa anaandika "I feel myself sick" maana kichwani ana "najisikia mgonjwa", yaani hapo -ji- yetu inamdanganya, wakamrekebisha kwamba Kiingereza kinasema "I feel sick", basi. Hapo niliwapenda kwa kweli, nikasema nawapa nne.

Lakini ndo inazidi kuniuma, mtu anayejua yote hayo anashindwaje kutofautisha kujiandikia na kuandikiana? Mtoto wangu sasa hivi akikutana na "each other" anaiogopa, ananiuliza mama una uhakika? Jana nikashusha mbili. Leo asubuhi nimefungua tena nione kama wamerekebisha, swali liko vilevile, na "themselves" inawaka kijani. Nimeweka moja.