TAHADHARI: "Niko uwanja wa ndege Dubai, tumeni salio." Ikagueni picha kabla ya kutuma hela

Ndugu zangu wa Dar, hasa mnaoagiza simu na laptopu kwa mawakala wa mtandaoni, naomba msome hili lote. Kuna tapeli anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akijitambulisha kama wakala wa mizigo ya Dubai. Anakusanya oda, anachukua nusu ya bei kama advansi, anakaa kimya siku kadhaa, kisha anaibuka na picha ya uwanja wa ndege na ujumbe huu: "Niko uwanja wa ndege Dubai muda huu, mzigo umeshapimwa, kilo zimezidi, tumeni salio ndani ya saa moja ndege isiniache." Watu wakiona dirisha kubwa na ndege ya Emirates imesimama nje, mioyo inatulia, wanatuma. Ikifika jioni namba haipatikani.

Picha hiyo nililetewa na dada mmoja mwenye duka la simu Kariakoo. Alikuwa ametuma advansi, salio bado analo mkononi, na wenzake kwenye grupu walishamaliza kulipa wakawa wanamsema kwamba anawachelewesha. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo pale uwanja wetu wa Julius Nyerere, ndege ndizo ninazoziona kutwa kucha. Nilipoikuza ile picha nikamwambia asitume hata shilingi. Picha ile imepigwa hapa hapa Dar es Salaam, na imepigwa kabla ya 2019. Naeleza nilivyojua, maana tapeli huyu hajakamatwa na picha atazibadilisha.

Tuanze na kile kilichowaponza wengi, ule mkia wa Emirates. Rangi za mkiani zinataja mwenye ndege tu. Ndege yenyewe kazi yake ni kusafiri, na Emirates inatua Dar kila siku, vilevile Nairobi, Entebbe na kwingineko. Kwa hiyo mkia mmoja wa Emirates dirishani unaweza kuwa popote inapotua. Dubai ni nyumbani kwao, na nyumbani kwa shirika hujulikana kwa wingi: ukichungulia dirisha la jengo la tatu la abiria pale Dubai, ambalo Emirates wanalitumia tangu 2008, unaona mikia ya aina moja imepangana mpaka mbali, na katikati yake karibu kila mara kuna Airbus A380. Hiyo huwezi kuikosea. Ina injini nne, na madirisha yamepangwa ghorofa mbili kuanzia mbele mpaka nyuma. Kwenye ratiba ya Dar A380 haimo.

Sasa ndege ya kwenye picha ile ilikuwa moja tu, nayo ni Boeing 777. Nilijua kwa matairi. Ndege nyingi kubwa zenye injini mbili huwa na matairi manne kwenye kila mguu mkubwa wa nyuma. 777 ina sita, yamepangwa jozi tatu, moja nyuma ya nyingine. Picha ikiwa imepigwa kutoka ghorofa ya abiria, ukiikuza chini ya tumbo la ndege unayahesabu vizuri. Na 777 ndiyo ndege tuliyozoea kuiona Emirates wakiileta hapa kwetu. Hapo bado sijathibitisha lolote, maana 777 zimejaa Dubai pia. Nimeondoa tu ule ushahidi ambao watu waliutegemea.

Kilichomaliza ubishi kilikuwa nyuma ya bawa la hiyo 777. Kuna ndege ndogo imejificha nusu, inaonekana sehemu ya mkia tu: rangi ya njano, na kasuku wa kijivu. Wanaosafiri Mwanza na Mbeya siku nyingi watakuwa wameshamkumbuka kasuku huyo. Ni fastjet, shirika la nauli nafuu lililoanza kuruka kutoka Dar mwezi Novemba 2012 na kusimama hapa nchini mwishoni mwa 2018. Safari zake zilikuwa za ndani na za nchi jirani mpaka Johannesburg. Dubai halikuwa linakwenda. Basi mtu anayesema "muda huu niko Dubai" ametuma picha yenye ndege ambayo haijaonekana kwenye viwanja vyetu tangu 2018, na Dubai haikuwa na safari.

Ndiyo maana nasema msikodolee macho ndege kubwa ya mbele. Tapeli anachagua picha kwa ajili ya hiyo ndege kubwa, na vilivyo nyuma yake wala havioni. Tazameni pembeni, nyuma ya bawa, na juu darini.

Darini ndiko kulikokuwa na ushahidi wa pili. Kona ya juu ya picha inaonyesha nguzo inayopanda ikiwa nyembamba halafu inatanuka juu kama mwavuli uliofunguliwa, na nyingine kama hiyo nyuma yake. Hilo ni jengo letu la pili la abiria, lililofunguliwa 1984, kazi ya msanifu Mfaransa Paul Andreu, yule aliyesanifu pia jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle kule Paris. Kwangu mimi ni jengo zuri, na inaniuma kuliona linatumika kuwaibia watu. Dar nzima imepita chini ya miavuli ile, imesindikiza na kupokea ndugu pale, lakini mtu mwenye wasiwasi wa hela zake haangalii juu. Majengo ya Dubai yana sura nyingine kabisa: mabanda marefu ya chuma na kioo yaliyopinda, na mabango yake yana Kiarabu na Kiingereza.

Jengo hilo linatoa na tarehe. Safari za nje zilihamia jengo la tatu mwezi Agosti 2019, la pili likabaki na safari za ndani. Mtu aliyeketi chini ya miavuli ya jengo la pili huku Emirates ikimsubiri dirishani alikuwa pale kabla ya mwezi huo. Kasuku naye alikuwa ameshasema kati ya 2012 na 2018. Ushahidi wa aina mbili ambazo hazihusiani, mmoja wa rangi za shirika na mwingine wa jengo, umekutana mahali pamoja na kwenye miaka ile ile. Hapo ndipo niliposema kwa uhakika.

Nawaomba msiende haraka kumwita mtu mwizi kwa alama moja. Nimeona mtu kwenye grupu anasema picha ni ya zamani eti kwa sababu mkia wa Emirates una bendera ya mtindo wa zamani. Ni kweli walibadilisha michoro yao Machi 2023, bendera ya mkiani ikawa kama inapepea na ncha za mabawa zikawa nyekundu. Lakini ndege hazipakwi rangi zote siku moja. Za rangi ya zamani ziliendelea kuruka pamoja na za rangi mpya, kwa hiyo bendera ya zamani peke yake haimtii mtu hatiani. Tena mashirika hukodishana ndege, na unaweza kukuta safari ya shirika moja inarushwa na ndege yenye rangi za jingine. Wapo mawakala waaminifu wanaohangaika na mizigo yetu, na kumchafua mmoja wao kwa kukisia ni dhuluma vilevile.

Dada wa Kariakoo alimwandikia tapeli kwamba picha ni ya Dar. Hakubisha. Akajibu, "Samahani dada, nimekosea picha," na baada ya muda mfupi akatuma nyingine. Hii ya pili ilikuwa Dubai kweli: A380 tatu zimepangana, kioo kimepinda, kila kitu mahali pake. Wengi wangeishia hapo. Nikamwambia akuze maandishi ubavuni mwa ndege. Herufi za Emirates zilikuwa zinasomeka kinyumenyume, kama unavyoziona kwenye kioo. Picha imegeuzwa kulia kushoto. Matapeli hufanya hivyo ili ukiitafuta Google isijitokeze kirahisi. Tukaigeuza tena ikae sawa, tukaitafuta, ikatokea kwenye ukurasa wa msafiri mwingine kabisa, ya miaka iliyopita, na upande wa pili kuna mkoba wa mtoto ambao jamaa alikuwa ameukata. (Kugeuka peke yake nako si kosa: kamera ya mbele ya simu nyingi hugeuza picha. Lakini aliyetumia kamera ya mbele anaonekana mwenyewe usoni, na picha hii haikuwa na mtu.)

Kwa hiyo hata picha ikiwa ya Dubai halali, haisemi nani kaipiga wala lini. Kinachosema ni simu ya video. Mwambie apige hapo hapo, ageuze kamera dirishani, kisha aende mpaka kwenye ubao wa safari na kukuonyesha mstari wa Dar es Salaam pamoja na saa. Aliye uwanjani kweli hilo halimchukui dakika mbili. Huyu wetu alisema chaji imeisha, halafu akaendelea kuandika ujumbe kwa nusu saa nzima.

Na kama anadai mzigo umepokelewa kama kago, mdai namba ya hati ya mzigo wa ndege. Ina tarakimu 11, na 3 za mwanzo ni za shirika: Emirates ni 176, Ethiopian ni 071, Qatar ni 157. Ukipewa namba ya 071 na picha ya Emirates, maelezo yana kasoro na usilipe mpaka umeelezwa. Namba yenyewe unaiingiza kwenye ukurasa wa mizigo wa shirika husika, unaona kama ipo na imefika wapi. "Kilo zimezidi" ni jambo linalotokea kweli, ndiyo maana linawanasa watu, lakini nyongeza hiyo unaweza kumlipa wakala mzigo ukishafika Dar na umeuona.

Aliyekwishatuma hela apige simu mara moja kwa mtandao wake wa simu aombe muamala usimamishwe, maana hela ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni kazi ngumu. Ujumbe wa tapeli utumeni kwenda 15040, mkiulizwa namba yake muiandike. Kisha nendeni polisi na maongezi yote na picha alizotuma. Msifute grupu hata kama mna hasira, na picha zihifadhini kama zilivyo bila kuzikata, kwa sababu ile ya jengo la pili ameituma kwenye magrupu zaidi ya moja na ndiyo inayowaunganisha waliopigwa.